Sumu ndugu wawili: kwa nini mmoja anakaza misuli na mwingine anailegeza

Juzi nimepata ujumbe kutoka kwa mwanafunzi wa utabibu aliyeko Mwanza. Ameandika: "Shikamoo mwalimu. Tumefundishwa kwamba sumu ya pepopunda na sumu ya botulizimu zinakata protini ile ile. Sasa mbona mgonjwa wa kwanza anakakamaa na wa pili analegea? Jedwali nimelikariri lote, ila nikifunga daftari tu yanachanganyikana."

Marahaba mdogo wangu. Swali lako limenirudisha mbali, kwa sababu mimi nililiuliza darasani nikiwa mwaka wa pili, nikaambiwa nikae chini nisipoteze muda wa wenzangu. "Haya ni ya kukariri," mwalimu alisema, akafuta ubao. Miaka imepita na maneno yale bado yananichoma. Nilikwenda maktaba kwa hasira, na niliyoyapata huko ndiyo yaliyonivusha kwenye mtihani wa mwisho wa mahojiano, pale mtahini kutoka nje aliponiuliza jambo hilo hilo. Nilimwomba chaki nikamchorea neva mbili. Hakuniuliza swali la pili. Mpaka leo naona fahari nikiikumbuka chaki ile, na ushauri wangu kwako ni huo huo: achana na jedwali, chora neva mbili.

Neva ya kwanza ni ndefu. Kiini chake kiko ndani ya uti wa mgongo, na mkia wake unatoka hadi kwenye msuli. Ukifika pale unamwaga kemikali iitwayo asetilikolini, na msuli unajikunja. Neva ya pili ni fupi na haitoki nje ya uti wa mgongo. Kazi yake ni kuituliza ile ya kwanza, na inaifanya kwa kumwaga kemikali nyingine, glisini au GABA, juu yake. Unapokunja mkono, neva hizi fupi ndizo zinazonyamazisha misuli ya nyuma ya mkono ili isivutane na ile ya mbele. Wanafunzi wengi wanaisahau neva hii, halafu wanashangaa pepopunda haieleweki.

Sasa angalia ncha ya neva yoyote kati ya hizo mbili. Kemikali yake imehifadhiwa kwenye vijifuko vidogo. Ili kijifuko kimwage kilichomo, lazima kishikane na ukuta wa neva, na kinachovishikanisha ni protini tatu zinazosukwa pamoja: sinaptobrevini iliyo juu ya kijifuko, na SNAP-25 na sintaksini zilizo upande wa ukuta. Ikikatwa moja tu, kijifuko kinabaki kimejaa na hakimwagi kitu.

Hapo ndipo sumu zetu zinapoingia, zote zikitengenezwa na bakteria wa jamii ya klostridiamu: ya pepopunda hutokea kwenye jeraha, ya botulizimu mara nyingi kwenye chakula. Zote mbili zimeumbwa kwa mtindo mmoja: mnyororo mzito unaoshika neva na kuingiza mzigo ndani, na mnyororo mwepesi wenye zinki ambao ndio unaokata. Mwaka 1992 watafiti wa Padova, Italia, wakiwemo Giampietro Schiavo na Cesare Montecucco, walionyesha kwamba sumu ya pepopunda na sumu ya botulizimu aina ya B zinaikata sinaptobrevini mahali pamoja kabisa, kati ya asidi amino ya 76 na ya 77. Kwa hiyo mwalimu wako hakukosea, ila alifupisha. Sumu ya botulizimu ina aina kadhaa, na aina ya A, ambayo ndiyo pia inayotumika kwenye sindano za kupunguza makunyanzi, inakata SNAP-25. Usihangaike sana na tofauti hiyo. Ukate sinaptobrevini au ukate SNAP-25, matokeo ni yale yale: neva inanyamaza.

Kumbe sumu zote mbili ni za kunyamazisha. Swali la kujiuliza ni moja tu: imenyamazishwa neva ipi?

Zifikirie kama abiria wawili waliopanda basi kwenye kituo kimoja, yaani ncha ya neva ndefu pale kwenye msuli. Sumu ya botulizimu inashuka pale pale. Inakata, asetilikolini haitoki, msuli haupati amri, mtu analegea. Sumu ya pepopunda haishuki. Inabebwa ndani ya mkia wa neva kurudi nyuma hadi kwenye uti wa mgongo, inatoka, inavuka kwenda kwenye ile neva fupi ya kutuliza, na huko ndiko inakokata. Glisini na GABA hazimwagwi tena. Neva ndefu iliyobaki bila wa kuituliza inafyatua amri mfululizo, na misuli ya mbele na ya nyuma inajikunja kwa pamoja.

Ukishaelewa safari hiyo, dalili zinajipanga zenyewe. Kwa nini pepopunda huanza kwenye taya hata kama jeraha liko mguuni? Kwa sababu sehemu ya sumu husambaa kwa damu na kuingia kwenye neva nyingi kwa wakati mmoja, halafu zile za misuli ya uso na taya, ambazo mikia yake ni mifupi, ndizo zinazofikisha mzigo mwanzo. Kwa nini dalili zinachukua siku 3 hadi 21, na mara nyingi kama wiki moja hivi? Kwa sababu kuna mwendo wa kwenda. Botulizimu ya chakula haina mwendo huo, kwa hiyo kwa kawaida inajitokeza saa 12 hadi 36 baada ya mlo.

Nikwambie nilichokiona wodini. Aliletwa mkulima wa makamo, alikuwa amekanyaga msumari wenye kutu na kidonda kilikuwa kimeshaanza kukauka. Ndugu zake walisema anaumwa jino, kwa kuwa hafungui kinywa vizuri. Nilichukua kijiti cha kukandamizia ulimi nikakigusisha nyuma ya koo. Mtu mzima wa afya angetapika au kukisukuma nje. Yeye alikiuma. Taya zilifunga kwa nguvu kiasi kwamba nilikiachia, na meno yakabaki yamekishikilia. Kipimo hiki hakihitaji maabara, na ukikielewa unaona neva fupi zimenyamaza: mguso mdogo ulipaswa kuleta mwitikio wenye mpaka, ukaleta mkazo usio na mpaka. Dakika chache baadaye mtu alibamiza mlango, mgongo wa mgonjwa ukapinda kama upinde. Akili yake ilikuwa timamu muda wote, akisikia maumivu yote. Ndiyo maana wagonjwa hawa tunawalaza chumba chenye giza na kimya, na mtu yeyote anayepiga kelele wodini pale anamuumiza mgonjwa kweli kweli.

Mgonjwa wa botulizimu mimi sijamlaza, kwa hiyo nakupa kisa kilichoandikwa. Oktoba 2008, shule moja ya bweni nchini Uganda ilipata wanafunzi watatu wagonjwa. Wote walilazwa, mmoja akafariki. Uchunguzi ulielekeza kwenye kiungo cha chakula kilichotengenezwa nyumbani kwa mafuta, na sumu ilikuwa aina ya A. Jiulize kwa nini mafuta. Klostridiamu zote mbili haziwezi kukua penye hewa. Pepopunda hupata kificho chake kwenye tundu jembamba la msumari au kwenye kitovu cha mtoto kilichokatwa kwa wembe mchafu. Botulizimu hukipata kwenye chakula kilichozamishwa kwenye mafuta au kufungwa kwenye kopo, kisha kikaachwa nje ya friji. Kuchemsha kwa kawaida hakuui spora zake, ila chakula kikichemka vizuri kabla ya kuliwa sumu yenyewe huharibika. Kiungo cha mafuta kinachopakwa juu ya chakula kikiwa baridi hakipati nafasi hiyo.

Mgonjwa wa namna hiyo huanza machoni. Anaona vitu viwili viwili, kope zinaanguka, sauti inakwama, kumeza kunamshinda, kisha ulegevu unashuka mabegani, mikononi na kwenye misuli ya kupumua. Kinywa ni kikavu na mboni zinaweza kuwa zimepanuka, maana asetilikolini inakosekana kwenye tezi na mboni pia. Kwenye maeneo yetu ya kilimo hilo litakuokoa, kwa sababu mtu aliyekunywa dawa ya wadudu naye hulegea, lakini huyo hububujikwa mate na mboni zake huwa ndogo kama tundu la sindano. Homa kwa kawaida hakuna, na hisia za ngozi ziko sawa. Mgonjwa anaweza kuonekana ametulia kitandani kumbe hana tena nguvu ya kuvuta pumzi. Usidanganywe na utulivu huo. Hesabu pumzi zake, mwambie ahesabu namba kwa sauti bila kuvuta pumzi, rudia baada ya muda, na piga simu kwenye hospitali yenye mashine ya kupumulia kabla hajashindwa kupumua.

Sasa sikiliza vizuri, maana hapa ndipo mchoro unapookoa maisha. Magnesiamu salfeti, ile ile ya kifafa cha mimba, inapunguza asetilikolini inayomwagwa kwenye msuli. Kwa pepopunda hilo ni jema: jaribio lililofanyika Ho Chi Minh, Vietnam, na kuchapishwa mwaka 2006 lilionyesha kwamba haikupunguza haja ya mashine ya kupumulia, lakini ilipunguza dawa nyingine zilizohitajika kutuliza mikazo na mapigo ya moyo. Mgonjwa wa botulizimu ukimpa hiyo hiyo, unamnyang'anya asetilikolini kidogo aliyobakiwa nayo. Antibiotiki ya gentamisini nayo ina tabia hiyo, kwa hiyo usimwandikie kwa mazoea tu. Diazepamu inaisaidia GABA, ndiyo maana ni rafiki wa mgonjwa wa pepopunda, lakini kwa mgonjwa wa botulizimu itamzidishia tu udhaifu wa kupumua.

Kinga-sumu inahitajika kwenye magonjwa yote mawili, kila mmoja na ya kwake, na haraka. Inakamata sumu iliyo kwenye damu pekee. Iliyokwisha kuingia ndani ya neva haifikiwi tena, na mgonjwa atasubiri neva zijenge ncha mpya, jambo la wiki kadhaa, na kwa botulizimu hata miezi. Ndugu wakikuuliza mbona dawa imetolewa na bado hajanyanyuka, waeleze hivyo, wasikate tamaa wakamtoa wodini.

Na swali lako la mwisho, kama aliyepona pepopunda anahitaji chanjo: anahitaji, na dozi ya kwanza apewe akiwa bado wodini, sehemu ya mwili tofauti na ilikochomwa kinga-sumu. Kiasi cha sumu kinachotosha kumlaza mtu ni kidogo mno, hakitoshi kuufundisha mwili kujikinga, kwa hiyo msumari mwingine mwakani unaweza kumrudisha kwenye kitanda kile kile.