Ritani ya VAT ya Julai inakataliwa kwa sababu ya miezi ya nyuma

*Habari wanajukwaa. Nina duka la vifaa vya ujenzi na nimesajiliwa VAT. Nilifaili hadi Januari 2025, tangu hapo sijagusa. Leo ni tarehe 11 Agosti, nimejaribu kufaili ya Julai, iTax imeikataa eti kuna vipindi vya nyuma havijafailiwa. Kuna njia ya kuiruka hiyo miezi? Ama nifaili zote sufuri haraka haraka nifike Julai kabla ya tarehe 20?*

Kuruka haiwezekani, na sufuri usiguse. Mlango unaofunguka sasa ni wa Februari pekee. Ukiupita, wa Machi unafunguka, na hivyo hivyo hadi Julai. Una siku tisa, zinatosha ukianza na karatasi badala ya kuanza na tovuti.

Mfumo haukukomoi. VAT ni mnyororo: mwezi ambao manunuzi yamezidi mauzo unakuachia salio, na salio hilo linaingia kwenye ritani ya mwezi unaofuata. Bila Februari, iTax haina namna ya kujua Machi inaanza na salio gani, na Julai ndiyo kabisa. Mnyororo huu ni wa VAT peke yake. Kama una PAYE ambayo haijafailiwa, hiyo ina foleni yake na haizuii VAT, ingawa zote mbili zitakukwamisha siku utakapoomba cheti cha kutimiza ushuru.

Kwanza hakikisha ni mwezi upi hasa uliokwama. Usitegemee kumbukumbu. Ingia iTax, menyu ya "Returns", halafu "View Filed Return", chagua Value Added Tax na uone risiti ya mwisho ni ya kipindi gani. Wengi huamini walifaili Januari kumbe walipakia faili likakataliwa, au walifaili Desemba mara ya pili kama marekebisho. Kwa anayesoma hapa na ambaye hajawahi kufaili hata mara moja, tazama cheti cha PIN, pale palipoandikwa tarehe ambayo wajibu wa VAT ulianza. Kama ni tarehe 17, kipindi cha kwanza kinaanza tarehe 17 hadi mwisho wa mwezi. Ukiandika tarehe 1, faili litarudishwa, na utahangaika kutafuta kosa kwenye ankara wakati kosa liko kwenye tarehe.

Ukiwa humo humo, pitia pia barua pepe uliyosajili iTax. Kama KRA wamekwisha kukukadiria ushuru kwa mwezi ambao hukufaili, mwezi huo haumalizwi kwa kupakia ritani kimya kimya. Unaweka pingamizi ndani ya siku 30 tangu kupokea notisi, na ritani yenye hesabu halisi ndiyo inayobeba pingamizi lako. Kama hakuna notisi ya namna hiyo, endelea.

Sasa karatasi. Tenga bahasha moja kwa kila mwezi, Februari hadi Julai. Upande wa mauzo, chukua orodha kutoka eTIMS, mfumo wa KRA wa ankara za kielektroniki, si daftari la duka, kwa sababu ankara ulizotoa zimekwisha kufika KRA. Upande wa manunuzi, kila ankara ya muuzaji iwe ya eTIMS na iwe na PIN yako. Isiyo na PIN yako rudi nayo kwa muuzaji wiki hii, kwa maana haitakufaa kitu kwenye ritani.

Hapa pana saa inayokimbia ambayo watu hawaioni. Sheria ya VAT ya 2013, kifungu cha 17, inakupa miezi sita tangu mwisho wa mwezi wa ununuzi kudai VAT uliyolipa. Manunuzi ya Februari yanafika mwisho tarehe 31 Agosti. Kwa hiyo kwako wewe tarehe 20 si tarehe pekee ya kuogopa. Ukiacha Februari hadi Septemba, unampa ofisa sababu ya kukata manunuzi yote ya mwezi huo, na hutakuwa na pa kusimama. Ankara ya Januari uliyoisahau ndiyo hiyo imekwisha kwenda, iliishia 31 Julai.

Nikupigie mfano wa duka kama lako, bei zote zikiwa kabla ya VAT ya asilimia 16. Februari limeuza bidhaa za shilingi 600,000, VAT ya mauzo ni 96,000. Limenunua za 700,000, VAT ya manunuzi ni 112,000. Hakuna cha kulipa, kuna salio la 16,000. Machi limeuza za 500,000 na kununua za 400,000: 80,000 toa 64,000 inabaki 16,000, na salio la Februari linaimeza yote. Machi inatoka sufuri, lakini sufuri ya haki. Aprili mauzo ni 650,000 na manunuzi 450,000, kwa hiyo 104,000 toa 72,000, unadaiwa 32,000. Mei duka lilifungwa, hakuna kitu. Juni mauzo 400,000, manunuzi 350,000, unadaiwa 8,000.

Tazama sasa kinachotokea ukifaili Februari sufuri ili upite. Salio la 16,000 halipo tena, kwa hiyo Machi inakuwa na deni la 16,000 ambalo halikuwepo, pamoja na faini na riba yake. Ukizifaili zote sufuri, umeficha VAT ya mauzo ya shilingi 344,000 ambayo eTIMS inaiona wazi. Na kontrakta aliyenunua kwako mabati Aprili atakataliwa dai lake kwa kuwa wewe hukutangaza mauzo hayo, naye atakuja dukani kabla ya KRA. Kurekebisha baadaye kupo, kwa "File Amended Return", lakini ukirekebisha Februari ni lazima urekebishe na kila mwezi uliobeba salio lake, na marekebisho yanayopunguza ushuru husubiri idhini ya ofisa. Njia ya mkato inakuwa ndefu kuliko barabara.

Mei ndiyo mwezi pekee wa sufuri ya kweli hapo, na hiyo unaifaili kupitia "File Nil Return". Kama ungeingia Mei ukiwa na salio mkononi, ningekuambia utumie faili la Excel lisilo na mauzo wala manunuzi, ili salio lionekane likivuka kwenda Juni.

Kuhusu faili lenyewe: pakua jipya kutoka iTax leo, usitumie lile lililobaki kwenye kompyuta tangu Januari. Toleo likibadilika la zamani linakataliwa. Ruhusu makro unapolifungua, la sivyo kitufe cha kuhakiki kitakaa tu kama picha. Jaza Februari, hakiki, mfumo utakutengenezea faili la zip, na usibadilishe jina lake. Lipakie, subiri risiti, fungua PDF na usome kipindi kilichoandikwa pamoja na salio la kuvukia mwezi ujao. Tarakimu hiyo hiyo ya 16,000 ndiyo unayoingia nayo Machi. Ikitofautiana hata kwa shilingi chache, Machi itagoma, na kisa huwa ni ankara moja ya manunuzi iliyoondolewa au senti zilizokadiriwa tofauti. Ndiyo maana sishauri mtu atengeneze mafaili yote sita usiku mmoja kisha ayapakie kwa mkupuo. Weka hesabu tayari, lakini faili la mwezi lifungwe baada ya risiti ya mwezi uliotangulia kuwa mkononi.

Faini. Kuchelewa kufaili VAT ni shilingi 10,000 au asilimia 5 ya ushuru unaodaiwa, kubwa kati ya hizo mbili, kwa kila mwezi, hata wa sufuri. Kwenye mfano wetu asilimia 5 ya 32,000 ni 1,600 tu, kwa hiyo miezi mitano inapigwa 10,000 kila mmoja, jumla 50,000. Kuchelewa kulipa ni asilimia 5 ya ushuru: Aprili 1,600 na Juni 400. Riba ni asilimia 1 kwa mwezi: ukilipa tarehe 18 Agosti, Aprili iliyotakiwa kulipwa 20 Mei imekula miezi mitatu, 960, na Juni mwezi mmoja, 80. Ongeza ushuru wenyewe wa 40,000, jumla ni 93,040. Inauma, na zaidi ya nusu yake ni ya kutofaili tu, wala si ya kukosa pesa. Msamaha uliokuwepo ulifungwa 30 Juni 2025 na ulihusu madeni ya hadi 31 Desemba 2023, kwa hiyo miezi yako isingeingia hata ungewahi.

Kumbuka pia kwamba kufaili na kulipa ni mambo mawili. iTax inapokea ritani ya Aprili hata kama hujalipa ile 32,000, na mlango wa Mei unafunguka. Usingoje pesa ipatikane. Faili zote sita, halafu tengeneza namba ya malipo ya PRN kwa kila mwezi wenye deni, ukichagua kipindi chenyewe na "Self Assessment Tax". Pesa ikiingia kwenye kipindi kisichohusika, Aprili itaendelea kuhesabu riba huku Juni ina ziada. Pesa ikiwa kidogo, lipa Julai kwa ukamilifu kabla ya tarehe 20 kwa sababu bado haina faini, kisha ushuru wa Aprili ambao ndio wenye riba kubwa, halafu uombe kulipa yaliyobaki kwa awamu.

Ratiba yangu kwako: kesho na keshokutwa ankara, tarehe 14 ritani za Februari na Machi, tarehe 15 za Aprili hadi Juni, tarehe 18 ya Julai na malipo. Usipange kupakia tarehe 20 yenyewe, siku hiyo tovuti hutambaa. Ritani ya kampuni ya mwaka iache mwisho kabisa, kwa kuwa mauzo utakayoandika kule yatalinganishwa na haya ya VAT. Na Februari ikikataa, weka hapa maneno ya kosa jinsi yalivyo kwenye skrini, bila PIN yako.