Pembetatu iliyoniaibisha ubaoni

Juzi msomaji mmoja ameniandikia kwamba amekwama kwenye swali la mzigo wa ziada wa kodi, yaani hasara ambayo kodi inaleta zaidi ya fedha inayokusanywa. Ujumbe wake umenitonesha kidonda. Nikiwa chuoni niliitwa ubaoni kwa swali hilohilo, nikachora mistari vizuri, kisha nikapaka chaki mstatili wote wa kodi na kutamka kwa kujiamini, "Hii ndiyo hasara." Mwalimu aliufuta bila kunieleza lolote. Hadi leo naona alinidhulumu, kwani maelezo yenyewe hayachukui dakika kumi.

Mstatili ule ni fedha iliyotoka kwa wanunuzi na wauzaji ikaingia serikalini. Imehama tu. Hasara iko pembeni yake.

Chora nami. Mlalo ni idadi ya bidhaa, wima ni bei. Mstari wa mahitaji unaanzia bei 100 na kushuka 1 kwa kila bidhaa. Wa ugavi unaanzia 20 na kupanda 1. Inakutana kwenye bidhaa 40, bei 60. Sasa weka kodi ya 20 kwa kila bidhaa. Rudi kushoto hadi pengo kati ya mistari lifike 20: ni kwenye bidhaa 30. Mnunuzi analipa 70, muuzaji anabakiwa na 50, serikali inapata 20 × 30 = 600, na huo ndio mstatili.

Bidhaa 10 hazikuuzwa. Itazame ya 35 peke yake. Mnunuzi wake yuko tayari kulipa 65, na muuzaji inamgharimu 55. Bila kodi wangeuziana, wakagawana faida ya 10. Lakini kodi ni 20, na faida hiyo haiwezi kuibeba, basi kila mtu anakwenda zake. Mnunuzi hana kitu mkononi, muuzaji hajauza, na serikali nayo haikupata hata senti, kwa sababu biashara isiyofanyika haitozwi. Zikusanye faida za namna hiyo kuanzia bidhaa ya 30 hadi ya 40, utapata pembetatu:

½ × 20 × 10 = 100

Ndugu zangu, acheni kukariri umbo. Anzeni na biashara iliyokufa, pembetatu itajichora. Nasisitiza: anzeni na biashara iliyokufa!

Mkishaielewa, ongezeni kodi iwe 40. Mauzo yanashuka hadi 20 na mapato yanapanda hadi 800 tu, lakini pembetatu inakuwa ½ × 40 × 20 = 400. Kodi mara mbili, hasara mara nne, kwa kuwa kimo na kitako vyote vimekua. Mhandisi Mfaransa Jules Dupuit alishaliona hilo mwaka 1844.

Na wewe uliyeniandikia, jaribu pia kuusimamisha mstari wa mahitaji wima kabisa kwenye 40, yaani wanunuzi wanataka bidhaa 40 kwa bei yoyote. Kodi ya 20 itampandishia mnunuzi bei hadi 80, ataumia, lakini bidhaa zote 40 zitauzwa. Mstatili utakuwepo, wa 800. Pembetatu hutaiona.