Kusogeza puti inayopoteza: mara ya kwanza ilinisaidia, ya pili iliniumiza

Niliuza puti moja, yaani mkataba unaompa mnunuzi haki ya kuniuzia hisa kwa bei tuliyokubaliana, kwenye hisa iliyokuwa dola 53. Bei ya makubaliano ilikuwa dola 50, na zilibaki siku 45 mkataba uishe. Nililipwa dola 1.20 kwa kila hisa, na kwa kuwa mkataba mmoja hubeba hisa 100, niliingiza dola 120. Nami nikabeba wajibu wa kununua hisa hizo kwa dola 50 kila moja iwapo mnunuzi wa puti angetaka kuniuzia. Kampuni niliipenda, na pesa ya kununulia ilikuwepo kwenye akaunti.

Zikiwa zimebaki siku 10, hisa ilikuwa dola 46. Puti niliyoiuza kwa 1.20 sasa ilinunuliwa kwa 4.15. Kama ningeifunga siku hiyo, ningepoteza dola 295. Nikaamua kuisogeza: nikainunua ile ya 50 kwa 4.15, na papo hapo nikauza nyingine ya bei ya makubaliano ya 47.50, yenye siku 80 mbele, kwa 4.25. Senti 10 kwa kila hisa zikabaki kwangu.

Senti hizo 10 ndizo zinazowadanganya wengi, nami zilinidanganya. Skrini ilionyesha nimeingiza dola 10, nikajiona sijapoteza kitu. Ukweli ni kwamba nilipoinunua ile puti ya kwanza, hasara ya dola 295 ilikamilika pale pale. Dola 425 nilizopewa kwa puti mpya hazikuwa faida. Zilikuwa malipo ya wajibu mwingine ambao bado sijautimiza, na huenda ningelazimika kuirudisha sehemu kubwa yake.

Hata hivyo, naamini usogezaji ule ulikuwa na maana. Kabla yake, bei yangu ya kutoka sare, yaani 50 ukitoa 1.20, ilikuwa dola 48.80, na hisa ilikuwa chini yake kwa karibu dola 3. Baada yake nilikuwa nimekusanya jumla ya 1.30, kwa hiyo sare ikashuka hadi 46.20, senti 20 tu juu ya bei ya sokoni. Ndani ya ile 4.25, dola 1.50 tu ndiyo ilikuwa thamani ya ndani, yaani tofauti ya 47.50 na 46. Dola 2.75 zilizobaki zilikuwa thamani ya muda, ambayo huyeyuka kadiri siku zinavyopita na kumwachia muuzaji pesa hiyo. Nilikuwa nalipwa kusubiri. Tena hakuna habari yoyote mbaya iliyokuwa imetoka kuhusu kampuni. Bei ilikuwa imeteleza tu pamoja na soko zima.

Kisha kampuni ikatangaza matokeo mabaya. Siku 65 baada ya kusogeza, zikiwa zimebaki 15, hisa ilikuwa dola 38 na puti yangu ya 47.50 ilikuwa 9.60. Thamani ya ndani peke yake ilikuwa 9.50, kwa hiyo thamani ya muda iliyobaki ni senti 10. Kufunga kungenigharimu dola 830 kwa jumla, baada ya kuhesabu 130 nilizokusanya.

Nikafungua tena orodha ya tarehe za mbele. Mwezi uliofuata haukunipa kitu: puti yoyote ya bei ya chini ililipa pungufu ya 9.60, maana yake ningetoa pesa mfukoni. Miezi miwili, hivyo hivyo. Nikaendelea kushuka kwenye orodha hadi siku 200 mbele, na hapo puti ya 45 ikalipa 9.70. Senti 10 nyingine! Nikabofya.

Hebu tazama nilichonunua. Mara ya kwanza siku 70 za ziada zilinishushia bei ya makubaliano dola 2.50 na kuileta sare karibu kabisa na bei ya soko. Mara hii siku 185 za ziada zilinishushia dola 2.50 zile zile, na sare ikawa 43.60 wakati hisa ipo 38. Ilibidi hisa ipande karibu asilimia 15 nitoke bila hasara. Dola 4,500 zilifungwa kama dhamana kwa zaidi ya nusu mwaka, na hata mambo yote yakienda vizuri, kilele cha faida yangu kilikuwa dola 140.

Dalili ilikuwa mbele ya macho yangu kwenye ile orodha ya tarehe. Puti ikishazama sana, yaani bei ya soko ikiwa chini mno ya bei ya makubaliano, thamani ya muda ya ile ya zamani inakaribia kwisha, na sehemu kubwa ya unachokinunua tena ni thamani ya ndani tupu, yaani hasara yenyewe. Ili mtu mwingine akulipe kiasi hicho kwa bei ya makubaliano ya chini, lazima umpe muda mrefu sana. Ukiona kila usogezaji unadai tarehe ya mbali zaidi kuliko uliopita huku pengo kati ya sare na bei ya soko likizidi kupanuka, hasara inaahirishwa tu. Kuna pia jaribu lingine, la kuuza mikataba miwili mahali pa mmoja ili malipo yatoshe. Hilo linaongeza wajibu mara mbili kwenye hisa iliyokwisha kukuonyesha udhaifu, na kwangu mimi huo ndio mwisho wa mjadala.

Swali ambalo ningepaswa kujiuliza ni hili: kama leo nisingekuwa na puti yoyote, je, ningeiuza hii ya 45, ya siku 200, kwenye kampuni hii baada ya matokeo haya? Jibu langu lilikuwa hapana bila kusita. Nisingeigusa. Niliiuza kwa sababu moja tu, kwamba sikutaka kuandika hasara ya dola 830.

Miezi minne baadaye hisa ilikuwa dola 31, na asubuhi moja nikakuta nimekabidhiwa hisa 100 kwa dola 45. Zilikuwa zimebaki siku 80 hivi. Puti na opsheni nyingine za hisa za kampuni moja moja kwa kawaida zinaweza kutekelezwa siku yoyote kabla ya kuisha, na mwenye puti iliyozama sana ana sababu ya kufanya hivyo: thamani ya muda imekauka, afadhali achukue pesa yake sasa ianze kumzalia riba. Kwa hiyo hata zile siku 200 nilizodhani nimezinunua hazikuwa zangu. Nililipa 4,500 kwa hisa za 3,100, nikaziuza siku hiyo hiyo. Ukitoa 140 nilizokusanya, hasara ikawa dola 1,260. Hisa ingeweza kupanda pia, sikatai. Lakini zile 430 za ziada zilitokana na dau jipya ambalo sikulitambua kuwa ni dau.

Siku hizi bado nasogeza, kwa kawaida bei ya soko ikiwa bado karibu na bei ya makubaliano na zikiwa zimebaki wiki mbili au tatu, na naweka oda zote mbili kama oda moja yenye bei ya kikomo. Ukifunga kwanza kisha uuze baadaye, bei inaweza kukukimbia katikati, na kwenye puti zilizozama pengo la bei ya kununua na ya kuuza ni pana kiasi cha kumeza zile senti 10. Kabla ya kuituma, naandika hasara ya puti ya zamani kwenye daftari kama iliyokwisha kutokea. Puti mpya inaanza ukurasa wake yenyewe, na sababu yake ya kuwepo naiandika juu kabisa. Nikikosa cha kuandika pale, nafunga tu.