Jibu: Barua ya kuomba kupunguziwa saa za kazi

"Ni karani wa ghala Mtwara mjini, saa 45 kwa wiki. Nimepata chuo, vipindi Alhamisi na Ijumaa mchana. Barua niiandikeje?"

Ndugu, usiandike "naomba kupunguziwa saa" ukaishia hapo. Bosi atajiuliza nani atapokea mzigo, na barua italala mezani. Mpe ratiba yenyewe:

"Naomba kufanya kazi saa 35 badala ya 45. Jumatatu hadi Jumatano, saa 1:30 asubuhi hadi 11:30 jioni, mapumziko saa moja. Alhamisi na Ijumaa, saa 1:30 hadi 5:30 asubuhi. Kabla ya kutoka nitakabidhi daftari la stoo na funguo kwa msaidizi."

Hesabu inakubali: 27 na 8. Mshahara utaje mwenyewe. Kama ni 450,000 na unapunguzwa kwa uwiano huo, utabaki 350,000 kabla ya makato, kwa hiyo pigia hesabu ada na nauli kwanza.

Halafu msimu wa korosho. Hapo ndipo maombi mengi hukwama, maana Oktoba hadi Desemba ghala halipumui. Andika kwamba miezi hiyo utafidia Jumamosi, saa ngapi hasa. Taja tarehe ya kuanza na ya kumaliza, ambatanisha barua ya chuo na ratiba ya vipindi. Akikubali kwa mdomo, omba nyongeza ya mkataba yenye saini zenu wote wawili kabla hujabadili hata siku moja.