Aisha kuitwa Asha, Abdulrazak kuitwa Razaki: je, akika irudiwe?

SWALI: Assalamu alaikum sheikh. Binti yetu tulimpa jina Aisha, lakini bibi yake na mtaa mzima wanamwita Asha. Mdogo wake ni Abdulrazak. Shuleni ameandikwa Abdul Razak Salim (Salim ndiyo mimi), na wenzake wanamwita Razaki. Ndugu mmoja ametuambia majina yameharibika, tuchinje akika upya. Tufanyeje?

JIBU: Waalaikumu salaam warahmatullahi wabarakatuh. Akika mliyochinja imetimia na hairudiwi, wala haikufungwa na namna watu watakavyolitamka jina baadaye. Lakini hao watoto wawili hawako katika hali moja, na wa kushughulikiwa ni huyo mdogo.

Jina la binti yako linatokana na mzizi wa Kiarabu wenye maana ya kuishi, mzizi uleule uliotupa sisi maneno “ishi” na “maisha”. Kwa Kiarabu lina herufi ya ayn mwanzoni na hamza katikati, sauti mbili ambazo Kiswahili hakina. Zikidondoka, kinachobaki mdomoni mwa bibi ni Asha, na maana haikuguswa. Tena Mtume, rehema na amani zimshukie, alimfupishia mkewe jina hilohilo. Katika Bukhari na Muslim imepokewa kuwa alimwambia: “Yaa Aish, huyu ni Jibrili, anakusalimia.” Basi mwacheni bibi aendelee kumwita mjukuu wake Asha.

Majina mengi ya pwani yamepita njia hiyo. Ulimi wetu hupenda neno liishie kwa irabu, kwa hiyo jina likiishia kwa b, m au f tunalitia u: Rajabu, Mariamu, Yusufu. Likiishia kwa herufi nyingine, mara nyingi tunalitia i: Omari, Saidi, Ramadhani. Fatima, Waarabu wengi katika mazungumzo yao husema Fatma, na sisi t na m zikigusana tunazitenganisha kwa u, tukapata Fatuma. Unguja utasikia Khamis na bara Hamisi, na wote wawili jina lao ni Alhamisi. Mtu anayesema Abdulhaliki badala ya Abdulkhaliki, akihesabiwa herufi kwa ukali, ametoka kwenye “mja wa Muumba” akafika kwenye “mja wa mnyoaji”, lakini hakuna anayekusudia hivyo, naye hana dhambi. Ukali huo wa herufi tunauweka kwenye Fatiha, ambako kosa linalogeuza maana laweza kuharibu sala.

Sasa Razaki. Hapa hakuna herufi iliyolegea. Kilichoondoka ni neno zima, tena neno lililobeba jina lote. Abdu ni mja, na Ar-Razzak ni Mwenye kuruzuku. Ukitupa “mja”, unayemwita uani aje kula ubwabwa unamwita kwa jina la Mola wake. Watoto wenzake hawajui hilo na hawana lawama, ila wewe mzazi sasa unajua. Wanazuoni wametofautisha: Rahmani, Razaki, Khaliki na Kudusi ni majina ya Mwenyezi Mungu peke yake, hapewi kiumbe bila “Abdu”. Karimu, Azizi na Rahimu ni jambo jepesi zaidi, kwani Kurani yenyewe imemwita Mtume “rahimu” katika Sura At-Tawba aya ya 128, na ndugu zake Yusufu walimwambia mkubwa wa Misri “ewe Aziz”. Kijana wako akitaka kifupi, aitwe Abdu. Ni neno kamili na lina heshima yake.

Kinachonishughulisha zaidi ni hayo maandishi ya shule. Ile “l” ya Abdul si ya neno la kwanza. Ni sehemu ya “al” inayoanza neno linalofuata, kwa hiyo “Abdul” peke yake ni “mja wa…” halafu kimya. Na jina likikatwa vipande viwili, fomu zetu za majina matatu hulisoma hivi: mtoto ni Abdul, baba ni Razak, babu ni Salim. Wewe baba umesogezwa ukawa babu, na mahali pako pameshika mtu asiyekuwepo. Mwenyezi Mungu amesema katika Sura Al-Ahzab aya ya 5: “Waiteni kwa baba zao.” Hukukusudia kosa hilo, lakini siku ya mirathi au ya kuozesha utahitajika kuthibitisha kuwa Razak ni nusu ya jina la mwanao.

Angalia kwanza cheti cha kuzaliwa. Kama kimeandika Abdulrazak kwa neno moja, kipeleke shuleni warekebishe kabla hajasajiliwa kwa mtihani wa taifa. Kama cheti chenyewe kimekata jina, anzia ofisi ya vizazi na vifo iliyokitoa, maana shule itafuata cheti. Nyumbani, anzeni leo kumwita Abdu, na wenzake watawaiga. Wallahu aalam.