Maumivu ya ubavu yanayoshuka kinenani

"Wakuu, mdogo wangu hapa Kirumba ubavu wa kulia unamkata mpaka kinenani, anagaagaa tu. Ni kidole tumbo?"

Mkuu, huko kugaagaa ndiko kunanifanya nishuku jiwe la figo. Mwenye kidole tumbo hulala tuli, akijitikisa anaumia; wa jiwe hapati mkao. Likikwama kwenye mrija wa kutoka figo kwenda kibofu, maumivu huja kwa mawimbi, yakishuka hata kwenye korodani. Akapimwe mkojo na ultrasaundi. Sindano ya diklofenaki miligramu 75 hutuliza vizuri, ila si kwa mwenye figo mbovu au vidonda vya tumbo. Kumjaza maji sasa hivi hakusukumi jiwe. La chini ya milimita 5 mara nyingi hutoka lenyewe. Akipata homa na kutetemeka, msisubiri kukuche, mkimbizeni hospitali ya Bugando: mkojo uliozibwa ukiingia wadudu unaua.