Mkono wa bluu: kwa wadogo zangu mnaoanza OpenCV

Wiki iliyopita kijana wetu wa fildi alinifuata mezani, uso umemshuka. "Dada, kamera imekufa." Nikamwuliza imekufaje. Akageuza kompyuta yake: picha ya wenzake watatu nje ya ofisi, ngozi zao bluu kama waliolala kwenye friji, na juu yao anga la rangi ya chungwa saa sita mchana. Mashati yao meupe, hata hivyo, yalikuwa meupe pe. Huyu ni wa nne tangu mwaka uanze, na wa kabla yake alikuwa ameshapeleka kamera kwa fundi. Kwa hiyo leo naandika, na atakayekuja tena na maiti za bluu nitamtumia huu ukurasa bila salamu.

1. Kamera ni nzima. Ulichokosea ni mpangilio.

`cv2.imread` inakurudishia safu ya namba, na kila pikseli ina namba tatu. Wengi wenu mnadhani zimepangwa nyekundu, kijani, bluu. OpenCV inaanza na bluu: BGR. Kisha unaichukua safu hiyo na kuikabidhi `plt.imshow` ya Matplotlib, ambayo inaamini namba ya kwanza ni nyekundu. Haiulizi, na haina hata pa kuulizia, maana safu ya NumPy haibebi lebo yoyote ya kusema chaneli ipi ni ipi. Ni namba tu.

Chukua shavu la yule kijana:

```python
img = cv2.imread("picha.jpg")
print(img[200, 300])   # [ 54  85 141]
```

Nyekundu yake halisi ni 141, kijani 85, bluu 54. Hudhurungi safi, mtoto wa watu. Matplotlib inasoma nyekundu 54, kijani 85, bluu 141, na hapo shavu limekuwa bluu. Anga lilikuwa na nyekundu 70, kijani 130, bluu 200. Ukibadilisha ncha mbili unapata chungwa. Shati jeupe lina 250 mara tatu, ukigeuza unavyotaka linabaki shati jeupe. Nywele nyeusi vilevile. Ndiyo maana picha hizi zinachanganya: nusu yake iko sawa kabisa, na mtu anaanza kutafuta mchawi kwenye lenzi.

Mtaniuliza nani aliamua hivyo. Mradi wa OpenCV ulianza Intel mwaka 1999, na enzi zile BGR ilikuwa mpangilio wa kawaida kwa watengeneza kamera na kwenye Windows. Hata faili la BMP la biti 24 linaanza na bluu mpaka leo. Wakati wengine wanahamia RGB, kodi ya watu (si ile ya TRA) ilikuwa tayari imejengwa juu ya BGR, na kuigeuza kungevunja kazi za dunia nzima. Tumerithi nyumba na nyufa zake.

Dawa ni mstari mmoja:

```python
rgb = cv2.cvtColor(img, cv2.COLOR_BGR2RGB)
plt.imshow(rgb)
```

2. Picha ya bluu ni bahati. Ogopa ile inayoonekana nzuri.

Hapa naomba mnivumilie, kwa sababu hili lilinitoa machozi na sijawahi kulisimulia lote.

Mwaka wangu wa pili kazini nilipewa modeli ya kutambua batobato kwenye majani ya mihogo. Nilifunza modeli kwa PyTorch, na picha nilizipakia kwa `ImageFolder` ya torchvision. Ile inafungua faili kwa maktaba ya PIL na kuligeuza kuwa RGB, yaani nyekundu kwanza. Sikuwahi kulifikiria hilo hata sekunde moja. Modeli ikatoka nzuri, nikatembea ofisini kifua mbele.

Kisha nikaandika programu ya shambani: kikompyuta, kamera ya USB, `cv2.VideoCapture`. Fremu zake, kama `imread`, ni BGR. Nikazipunguza ukubwa, nikazifanyia normalaizesheni, nikaziingiza kwenye modeli moja kwa moja. Na kwa kuwa mimi ni mtu makini (nilijiona hivyo), niliweka dirisha la `cv2.imshow` ili nione kila kitu kinachopita. Rangi zilikuwa safi kabisa! Bila shaka zilikuwa safi. `cv2.imshow` nayo inategemea BGR, hivyo OpenCV ilikuwa inazungumza na OpenCV na wanaelewana. Aliyedanganywa ni modeli, na modeli haina mdomo wa kulalamika.

Siku ya kwanza shambani majani mazima yalitambuliwa vizuri, moja baada ya jingine. Tulipofika kwenye yenye batobato, modeli ikaanza kubahatisha. Jani limejikunja, lina madoa ya njano ambayo bibi yangu angeyaona akiwa barabarani, nayo inasema zima. Mwenye shamba alinitazama kwa huruma.

Sasa angalieni kilichokuwa kinatokea. Jani la kijani lina, tuseme, nyekundu 60, kijani 140, bluu 50. Geuza: 50, 140, 60. Ni jani lilelile. Kijani kiko katikati, hakiguswi, na ncha mbili zinakaribiana, kwa hiyo kugeuza hakubadilishi kitu cha maana. Lakini doa la njano lina nyekundu 200, kijani 190, bluu 60. Geuza: 60, 190, 200, na hiyo ni rangi ya maji ya bahari ya Nungwi. Modeli ilikuwa imefundishwa kutafuta njano, na mimi nilikuwa nimeipaka njano yote bluu kabla haijaiona. Rangi iliyobeba ugonjwa ndiyo pekee niliyoiharibu.

Nililaumu jua. Tukarudi na mwavuli. Nililaumu kamera, ikanunuliwa nyingine. Nililaumu aina ya mihogo, na hapo ndipo ninapoona aibu hadi leo, kwa sababu nilisimama mbele ya bosi nikasema kwa sauti ya kitaalamu kwamba data zetu "haziwakilishi mashamba ya huku". Wiki tatu, watu wawili wakapelekwa kupiga picha upya, na modeli ikafunzwa tena kwa picha mpya, kwa PIL ileile. Haikusaidia kitu.

Nilikuja kuipata usiku mmoja kwa kukata tamaa. Niliamua kuitoa picha kwenye mdomo wa modeli: ile tensa yenyewe, hatua ya mwisho kabla haijaingia. Nikairudisha kwenye 0 hadi 255, nikaihifadhi kwa PIL, nikaifungua. Jani lilikuwa kijani. Nusura nilifunge faili. Kisha nikaona pembeni, chini kushoto, vidole vya yule mzee mwenye shamba vilivyoshika kikonyo. Vilikuwa bluu.

Nilikaa kimya kitambo. Kisha nikaongeza mstari mmoja wa `cvtColor`, na asubuhi yake nikamwambia bosi "nimerekebisha kitu kidogo".

Kwa hiyo: ukitaka kujua modeli inaona nini, angalia kile inachopewa, mwishoni kabisa, na ukifungue kwa kitu ambacho si OpenCV. Na kwenye picha za majaribio weka kitu chekundu ambacho hakiwezi kukudanganya. Mimi sasa natembea na kifuniko chekundu cha chupa ya soda mfukoni. Wanacheka, wacheke.

3. Usiandike `img = cv2.cvtColor(img, ...)` kwenye Jupyter.

Ukiendesha seli hiyo mara moja, rangi zinakaa sawa. Ukiendesha mara mbili, zinarudi bluu, kwa sababu kugeuza ni kubadilishana ncha tu. `COLOR_BGR2RGB` na `COLOR_RGB2BGR` ni namba moja ndani ya OpenCV. Nimemwona mtu akiendesha seli ileile saa nzima akisema bagi "inakuja na kuondoka". Ilikuwa inakuja kila alipoendesha mara ya shufwa. Ipe matokeo jina jingine, `rgb`, na uache `img` ibaki ilivyosomwa.

4. Mbinu ya `img[:, :, ::-1]` ni halali, ila ijue tabia yake.

Haitengenezi safu mpya, inasoma ileile kinyumenyume, na `torch.from_numpy` itaikataa mpaka uongeze `.copy()`. Na PNG yenye chaneli ya nne ya uwazi, ukiisoma kwa `IMREAD_UNCHANGED`, ukigeuza hivyo uwazi unakuja mbele na kila kitu kinavurugika, tumia `COLOR_BGRA2RGBA`.

5. Picha ya zambarau na kijani si ugonjwa huu.

Hiyo ni picha ya kijivu yenye chaneli moja, na Matplotlib imeipaka rangi zake za kawaida. Andika `cmap="gray"`. Na ukiona `!_src.empty()` kwenye eror, hukukosea rangi, umekosea njia ya faili. `imread` hairushi eror isipopata picha, inakurudishia `None` na programu inaendelea.

6. Chagua mlango mmoja wa kugeuzia.

Kwetu sheria ni hii: picha inageuzwa kuwa RGB mara tu inaposomwa, ndani ya fankisheni moja, na baada ya hapo hakuna anayeruhusiwa kugusa mpangilio. Ila msidhani kila modeli inataka RGB. Nyingi zenye asili ya Caffe, mfumo wa zamani wa kufunzia modeli, zilifunzwa kwa BGR, na `preprocess_input` ya VGG16 kwenye Keras inapokea RGB na kuigeuza yenyewe. Ukiisaidia kwa kuipa BGR, umeiharibia.

Kijana wetu nilimwonyesha haya yote, akageuza, wenzake wakapata ngozi zao, akaondoka anapiga mluzi. Dakika ishirini baadaye yuko mlangoni tena.

"Dada, kwenye skrini wako vizuri. Ila folda nzima niliyohifadhi ni ya bluu."

"Umehifadhi kwa fankisheni gani?"

"`cv2.imwrite`."

"Na umeipa ipi?"

Akafikiri. "Ile nzuri. `rgb`." Kisha akajishika kichwa kabla sijafungua mdomo, na akarudi kwenye kiti chake mwenyewe.